Gredi A ya nani? Kutafuta simu Lwakhakha ukiwa na elfu kumi na mbili

Senge yangu huuza vitunguu Lwakhakha, upande huu wa daraja. Mzigo wake hutoka milima ya Bugisu, ng'ambo ya mto, na wanunuzi wengi hutoka Chwele, Bungoma na Kitale. Anayemletea vitunguu anataka kulipwa kwa laini ya Uganda. Anayenunua humlipa kwa laini ya Kenya. Kwa hiyo simu yake ina laini mbili na zote mbili hazipumziki tangu asubuhi.

Agosti simu hiyo ilianguka kwenye saruji, ikalaliwa na gunia. Kioo kiliisha, na fundi akasema hata bodi imepinda. Jioni akanipigia kwa simu ya jirani.

"Mwanangu, niko na elfu kumi na mbili. Ninunue gani?"

Kufikia kesho yake mchana alikuwa tayari ameonyeshwa simu tatu. Ya kwanza ilikuwa Samsung Galaxy S9 kutoka duka moja la Bungoma, shilingi 11,500. Muuzaji aliiita "rifabu, eksi-UK, gredi A, klini kabisa". Ya pili ilikuwa Samsung Galaxy A05 ya kijana wa bodaboda hapo hapo stejini, aliyeitumia mwaka mmoja na miezi kadhaa, naye alitaka 7,000. Ya tatu ilikuwa mpya ndani ya boksi yenye sili, 9,800, na juu ya boksi kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina ramu ya GB 5.

Ukisikiliza maneno ya wauzaji peke yake, S9 inashinda. Ilikuwa simu ya matajiri, kioo chake ni kizuri, kamera yake bado inazishinda simu nyingi mpya za bei ya chini, na ni gredi A. Hapo ndipo nilipomwambia Senge asubiri, kwa sababu gredi A nimeshaila mimi mwenyewe.

Gredi ni ya macho

Mwaka juzi nilinunua S9 kama hiyo, gredi A, katika duka ambalo sitalitaja. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi. Mwezi wa nne kifuniko cha nyuma kikaanza kuinuka upande mmoja, kidogo kidogo, kama mkate unaofura. Betri ilikuwa imevimba. Nilirudi dukani nikaambiwa waranti ilikuwa ya wiki mbili, na kwamba hata hivyo "gredi haihusu betri".

Nilikasirika, lakini muuzaji hakusema uongo. Kuna fundi mmoja wa Kitale anayenitengenezea simu, na nilipomsimulia alicheka akanieleza jinsi simu hizi zinavyopangwa kabla hazijatufikia. Mzigo unapofika, mtu anakaa na taa na kitambaa. Anaangalia kioo na ganda. Bila mkwaruzo, au mkwaruzo usioonekana ukiishika umbali wa mkono, ni gredi A. Isiyo na alama hata chini ya taa inaitwa A+ au minti. Mikwaruzo inayoonekana lakini kioo kizima ni gredi B. Ganda lililobonyea, kona zilizopigwa, kioo chenye kivuli au ufa mdogo ni gredi C. Kisha simu inawashwa ili kuona kama inapiga, inapiga picha na inachaji. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

"Gredi ni ya macho," akasema. "Ya ndani hakuna mtu anaandika."

Wako wanaoandika. Kampuni kubwa za kurekebisha simu hupima betri, hubadilisha ikiwa imechoka, na hukupa waranti ya miezi sita au mwaka pamoja na karatasi inayosema kilichobadilishwa. Tatizo ni kwamba hakuna sheria ya herufi hizi inayowabana wauzaji wa mitaani. A ya duka moja ni B ya duka la pili, na hakuna wa kumshtaki. Kwa hiyo usiulize simu ni gredi gani. Uliza kimebadilishwa nini, betri iko asilimia ngapi, na waranti inahusu vitu gani kwa jina. Muuzaji anayejua mzigo wake atajibu bila kupepesa. Asiyejua atarudia neno "klini".

Maneno mengine nayo yana maana zake, si zile tunazodhani. "Eksi-UK" na "eksi-Dubai" yanasema simu imepitia wapi, hayasemi iko katika hali gani. Dubai ni soko la kupitishia mizigo, na simu inayotoka huko inaweza kuwa ilitumika Ulaya, Korea au Amerika. "Openi boksi" maana yake boksi lilifunguliwa. Pengine mteja aliirudisha simu siku ya pili, pengine ilikaa kwenye meza ya maonyesho mwaka mzima ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Na "rifabu" lenyewe limenyooshwa mpaka limekuwa jepesi. Linaweza kuwa simu iliyofunguliwa, ikapimwa na kutiwa betri mpya. Linaweza pia kuwa simu iliyovaliwa ganda jipya na kioo cha kopi, ikapanguswa kwa spiriti, basi. Iliyorekebishwa vizuri inaweza kuwa na mkwaruzo, na ile inayong'aa kupita kiasi ndiyo mara nyingi imebadilishwa ganda, ambalo ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote.

Kwa wanaopenda aifoni kuna msaada kidogo hapa. Ingia Settings, kisha General, kisha About, uangalie Model Number. Ikianza na herufi M, iliuzwa ikiwa mpya. Ikianza na F, ilirekebishwa na Apple wenyewe. N ni ile Apple waliyompa mteja badala ya iliyoharibika. Kwa hiyo mtu akikuambia "rifabu ya kiwandani" na herufi ni M, muulize kiwanda gani. Kwenye ukurasa huo huo, aina za miaka ya karibuni zinaonyesha Parts and Service History, na hapo kioo au betri isiyo ya kampuni huandikwa Unknown Part. Asilimia ya betri iko kwenye Settings, Battery, Battery Health. Apple wenyewe huihesabu betri kuwa imechoka ikishuka chini ya 80.

Kwa Samsung hakuna ukurasa mmoja unaosema yote, lakini nyingi zinafungua menyu ya majaribio ukipiga:

```
*#0*#
```

Hapo utajaribu rangi za kioo, mguso, spika na kamera moja baada ya nyingine. Kwenye rangi nyeupe tafuta kivuli cha kibodi au cha alama za juu, kwa maana hicho hakiondoki. Kwenye S9 na simu za aina yake, fungua picha nyeusi kabisa ukiwa mahali penye giza. Kioo chake halisi huzima kabisa penye weusi. Ukiona mng'ao wa kijivu, umewekewa kopi.

Tatizo la S9 halikuwa betri peke yake

Tuseme S9 ya Bungoma ilikuwa na betri mpya. Bado nilimwambia Senge aiache, kwa sababu mbili ambazo hazimo katika gredi yoyote.

Ya kwanza ni umri wa programu. S9 ilitoka 2018. Ilifika Android 10 ikasimama, na Samsung waliacha kuitumia masasisho ya usalama mwaka 2022. Haijalishi ganda lina umri gani, ndani ni simu iliyoachwa. Leo itafungua apu zako za pesa. Lakini apu za malipo na za benki hupandisha kiwango cha Android kinachotakiwa kila baada ya muda, na siku hiyo ikifika hakuna fundi wa kukusaidia. Kabla ya hapo, mwanya ukigunduliwa kwenye programu ya zamani hakuna anayeuziba, na wewe unaingiza nambari yako ya siri humo kila siku. Anayetumia *334# peke yake hana haja ya kuhangaika na haya, hata kabambe inamtosha. Senge hutumia apu kwa sababu anataka kuona malipo ya siku nzima kwa mstari na kumtumia mnunuzi risiti kwa WhatsApp.

Kuiangalia si kazi. Ingia Settings, About phone, halafu Android version au Software information. Tafuta mstari wa Android security update au security patch level. Tarehe hiyo ndiyo mara ya mwisho simu ilipata kinga. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja na simu iko kwenye intaneti, huenda imeachwa. Aifoni nazo zina mwisho wao. XR inayopendwa sana huku ilitoka 2018 na ilifika iOS 18, ila iOS 26 ya mwaka 2025 haikuichukua.

Sababu ya pili ni ya Lwakhakha hasa. S9 ile ilikuwa na tundu la laini moja tu. Simu nyingi zilizouzwa Uingereza, Korea na Amerika zilikuwa hivyo, kwa sababu wateja wa huko hawana haja ya mbili. Muuzaji wa Bungoma hakutaja, na mtu wa Nairobi pengine hangejali. Mtu anayeishi mpakani, mwenye laini ya Kenya mkono wa kulia na ya Uganda mkono wa kushoto, angelazimika kubeba simu ya pili au kutoa laini kwa pini kila akivuka daraja. Vuta kile kisahani cha laini kabla hujauliza bei. Na aifoni za Amerika kuanzia ya 14 hazina tundu hata moja, zinatumia laini ya ndani peke yake.

Je, rifabu haifai basi? Inafaa, lakini kwa hela nyingine. Yule fundi wa Kitale huwaambia wateja wake kwamba chini ya elfu kumi na nane karibu kila rifabu ni simu nzuri iliyozeeka, na juu ya hapo unaanza kupata zenye miaka ya masasisho iliyobaki. Mimi naona amesema vizuri, ingawa naye anauza rifabu.

Mpya ya elfu tisa na mia nane

Hii haina mengi. Faida yake ni kwamba betri haijatumiwa na mtu, waranti ni ya mwaka, na hakuna deni wala akaunti ya mtu ndani. Ina matundu mawili ya laini. Kwa mtu asiye na wa kumsaidia kukagua, ndiyo njia yenye usumbufu mdogo.

Ubaya ulikuwa kwenye zile GB 5. Nilimwomba Senge anipigie picha upande wa boksi, na kwa maandishi madogo ilikuwa 2+3. Ramu ya kweli ni GB 2. Zile 3 zinaazimwa kutoka kwenye hifadhi, na hifadhi ina mwendo wa pole sana kuliko ramu. Simu ya namna hiyo huendesha Android Go, toleo jepesi, na kwa kazi moja moja ni sawa. Lakini fungua WhatsApp, halafu apu ya malipo, halafu mnunuzi apige simu katikati, utaona apu ya malipo imejifunga yenyewe na unaanza upya. Mbele ya foleni ya watu wa vitunguu hiyo ni hasara. Tungelipata yenye ramu ya kweli ya 4 kwa bei hiyo, habari hii ingeishia hapa.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mpya za bei nafuu kidogo. Tulipiga hesabu kwa shilingi ya Uganda, tukaona tunaokoa kama mia saba. Ila ukinunua ng'ambo, waranti nayo inabaki ng'ambo. Simu ikisumbua utapeleka huko, na huenda ukaambiwa uifikishe Mbale. Tukaacha.

A05 ya stejini

Ikabaki simu ya bodaboda. Hii ndiyo ambayo watu wengi wangeikimbilia kwa bei, na ndiyo yenye hatari mbaya kuliko zote tatu.

A05 ilitoka 2023. Samsung waliiahidi miaka minne ya masasisho ya usalama, kwa hiyo inafika 2027. Betri yake ni mAh 5,000, ina laini mbili, na hii ya kijana ilikuwa na ramu ya kweli ya GB 4. Ganda lilikuwa limechubuka kwa kukaa kwenye kishikio cha pikipiki, kioo kina mkwaruzo mrefu upande wa chini. Dukani ingeitwa gredi C na kuwekwa nyuma ya kabati.

Nilimwambia Senge amuulize kijana swali moja tu: aliinunua vipi?

Kijana hakuficha. Alikuwa ameichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Mtindo huu uko kila mahali sasa. Safaricom walipoanza Lipa Mdogo Mdogo pamoja na Google mwaka 2020, watu walikuwa wakilipa shilingi 20 kwa siku, na tangu hapo kampuni nyingine zimeingia na simu za kila aina. Simu yenyewe ndiyo dhamana. Ukiacha kulipa, inajifunga.

Sasa fikiria mtu anayeuza simu kama hiyo bila kusema. Siku unayoinunua inafanya kazi vizuri, kwa sababu malipo yake ya wiki hiyo yameshaingia. Baada ya siku kumi hivi yanakatika na kioo kinakuandikia ulipe. Kufuta kila kitu na kuanza upya hakusaidii, maana kufuli inarudi simu ikipata intaneti. Binamu yangu yalimkuta hayo hapa hapa sokoni, na aliyemuuzia hakuonekana tena. Pesa zake za kwenye laini zilikuwa salama, kwa sababu salio lako liko kwenye akaunti yako na si ndani ya simu. Akahamisha laini kwenye simu nyingine. Lakini elfu sita na mia tano alizotoa hazikurudi.

Kwa hiyo tulikwenda hatua kwa hatua, mimi nikiwa kwenye simu na Senge akiwa stejini na kijana.

Kwanza kijana alifungua apu ya mkopo mbele ya Senge. Salio lilikuwa shilingi 2,340. Bei ilikuwa 7,000. Senge hakumpa kijana hizo 7,000 aende akalipe. Alilipa zile 2,340 yeye mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni, kwa nambari ya malipo iliyokuwa ndani ya apu na nambari ya akaunti ya kijana. Wakasubiri, simu ikiwa kwenye intaneti, mpaka apu ikaonyesha salio ni sifuri na ujumbe wa kumaliza deni ukaingia. Ilichukua kama nusu saa na soda mbili. Kijana angekataa mpango huu, Senge angeondoka.

Pili, IMEI. Kijana alipiga *#06# na nambari mbili za tarakimu 15 zikatokea, moja kwa kila laini. Alikuwa bado na boksi nyumbani, na ndugu yake akalileta. Nambari zilifanana. Zisingefanana, basi boksi ni la simu nyingine au bodi imebadilishwa. Wazee wa kutumia simu mtakumbuka jinsi nambari hii ilivyotufundisha adabu. Septemba 30, 2012 Tume ya Mawasiliano, CCK kama ilivyoitwa wakati ule, iliagiza simu bandia zizimwe, na zaidi ya milioni moja zikakosa mtandao.

Tatu, akaunti. Hapa watu hukosea mpangilio. Kijana mwenyewe alitoa akaunti yake ya Google kwenye Settings, Accounts, kisha akafuta kila kitu kupitia Settings. Hawakufuta kwa kubonyeza vitufe simu ikiwa imezimwa. Ukifuta kwa vitufe bila kutoa akaunti, simu ikiwaka itadai nenosiri la mwenyewe, na kama yuko Kapsokwony na simu yake haipatikani, umenunua tofali. Baada ya kufuta, Senge aliiwasha, akaiunganisha kwenye intaneti, akapita hatua za mwanzo hadi mwisho bila kuulizwa akaunti ya mtu na bila kuona maneno kama "This device belongs to your organization". Maneno hayo yakitokea, kuna kampuni bado inaishika.

Nne ilikuwa betri. Hapo hakuna ukurasa wa asilimia, kwa hiyo tulipima. Mwangaza juu kabisa, video moja ndefu, saa nzima kwa saa. Simu yenye mAh 5,000 iliyo hai hula kama asilimia 10 hadi 13. Hii ilikula 15, kutoka 78 hadi 63, ikishuka moja moja bila kuruka. Nikamwambia imechoka kidogo, haijafa. Ingekula 25, au ingeruka kutoka 40 hadi 31 ghafla, tungeondoa bei ya betri mpya kwenye bei ya simu. Fundi wangu wa Kitale anaiweka kwa elfu mbili.

Mwisho Senge akatia laini zake zote mbili, akapiga kila moja, akasikiliza na kusikika. Apu ya malipo hakuifungua wala kuingiza nambari ya siri wakati simu ilikuwa bado ya kijana. Aliifungua baada ya kufuta, kwenye simu tupu.

Zilizobaki, 4,660, alimtumia kijana kwa simu ya jirani, si kwa noti. Hilo nilisisitiza. Ukilipa kwa simu, jina lililosajiliwa linatokea kabla hujathibitisha, na ujumbe unabaki na saa na tarehe. Jina lilikuwa lile lile lililokuwa kwenye apu ya mkopo. Lingekuwa la mtu mwingine, ungeuliza kwa nini. Pia waliandikiana karatasi yenye IMEI, bei na sahihi mbili, na mwenye kibanda akatia sahihi ya tatu kama shahidi.

Tulianza saa nne asubuhi tukamaliza saa nane. Kati ya elfu kumi na mbili Senge alibaki na elfu tano. Akanunua kinga ya kioo, kava la mpira na chaja, maana ya kijana ilikuwa imefungwa kwa seloteipu. Mia tano aliirudisha kwa jirani kwa usumbufu. Zilizosalia ameweka kwa ajili ya ile betri ya Kitale, ambayo nadhani ataihitaji mwakani.

Yule wa Bungoma alinipigia jioni kuuliza kama bado tunaitaka S9. Alishuka hadi 10,000. Nikamuuliza betri iko asilimia ngapi.

"Hiyo ni gredi A, bwana," akasema.